Mjomba kataja saa nne, na saa nne mimi nina masufuria motoni

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama lishe hapa Mtwara mjini. Mdogo wangu ameletewa barua ya posa, na mjomba wetu anayeishi Tandahimba ameitisha kikao cha ukoo Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, nyumbani kwa bibi kule Mikindani. Saa nne ndiyo nainjika chakula cha mchana. Nikiondoka hapo, siku yote imekwenda.*

*Mwaka jana aliita kikao kingine nikamwandikia: "Mjomba saa hiyo siwezi, niko kazini." Akajibu "Sawa", basi. Tangu hapo nikimpigia ananijibu kwa mkato, na nasikia anawaambia watu mpwa wake wa mjini ana maringo. Kabla ya hapo niliwahi kumwambia "nitajitahidi", sikwenda, nayo ikawa kesi. Safari hii nataka kwenda kwa moyo wote, ila saa ndiyo inayonishinda. Nimjibuje tupate saa ya kutufaa wote bila yeye kuona nimemkatalia? Ujumbe wake umekaa tangu jana sijaujibu.*

*Mama Lishe, Mtwara*

Marahaba mwanangu. Mpigie leo, usilale hujampigia. Kimya cha siku mbili kwa mzee ni jibu tayari, na utakapokuja kutaja saa nyingine atakuwa ameshajipa maana yake. Tena mpigie, usimwandikie. Kwenye maandishi "naomba" yako haina sauti, na wewe na yeye mna kovu la maandishi tayari.

Kwanza tuuangalie ule ujumbe wa mwaka jana, maana ndiko mambo yalikoharibikia. Mjomba anapotaja siku na saa huwa anauliza mambo mawili kwa pamoja: uko nasi katika jambo hili? Na saa hiyo utakuwepo? Wewe ulijibu la pili peke yake, ukaweka nukta. Yeye akasikia umejibu la kwanza. Na huyu si mzee wa kupita njia. Kwa Wamakonde, Wayao, Wamakua na Wamwera, watoto wa dada tangu zamani wamehesabiwa upande wa mama, na mjomba ndiye aliyekuwa na kauli katika kuozesha. Hata leo, watu wakiwa wamechanganyika, mjomba wa Tandahimba akiitisha kikao cha posa anajua anafanya kazi yake. "Niko kazini" ilimfikia kama vile yeye hana kazi.

"Nitajitahidi" nayo ni mbaya zaidi kuliko "siwezi", ingawa inasikika kwa adabu. Sote tunajua maana yake. Ni neno la mtu ambaye hatakuja na hataki kusema. "Siwezi" angalau inampa mzee nafasi ya kupanga bila wewe. "Nitajitahidi" inamwachia mkeka umetandikwa na chai inapoa. Inshallah ni neno zuri na lisemwe, lakini liambatane na saa: "Saa nne na nusu inshallah nitakuwa nimeshakaa." Likiachwa peke yake, nalo watu wameshalizoea.

Sasa twende kwenye kazi. Kabla hujataja shida yako hata moja, muulize inayombana yeye. Watu wengi huruka hapa. Mtu akisema saa nne, saa nne yenyewe mara nyingi haina maana kwake. Nyuma yake kuna gari, dawa za saa fulani, mwanga wa kurudia nyumbani, au mtu mwingine aliyeahidiwa. Ukikijua hicho, unajua pa kugusa na pa kuacha.

Mimi niliwahi kuvutana siku mbili na wifi yangu wa Nachingwea juu ya saa ya kukutana Lindi mjini. Yeye saa mbili asubuhi, mimi saa nane, tukakubaliana saa tano kwa shingo upande. Nilipofika nikagundua aliitaja saa mbili kwa sababu tu angelala Lindi usiku ule na hakutaka kukaa kwa wenyeji wake akiwatazama. Angefurahi kuja kwangu usiku huo huo na tukamaliza yote juu ya samaki wa kupaka. Saa tano haikumfaa yeye wala mimi. Tangu hapo sigawi saa kwa mbili. Saa tisa, wateja wakishakwisha, nadhani ndiyo ungeitaja wewe. Katikati ya saa nne ya mjomba na saa tisa yako ni saa sita na nusu, na saa sita na nusu wewe una foleni ya wateja na yeye anatazama saa asije akaachwa na gari. Hapo wote mmepoteza.

Swali lenyewe ni rahisi, na lenyewe tu linaonyesha unajipanga kuja: "Mjomba, unafika Ijumaa au Jumamosi hiyo hiyo? Na kurudi je, unalala au unageuza?" Tuseme anakujibu kwamba anaondoka na gari la alfajiri, saa tatu yuko stendi ya Mtwara, na lazima apate gari la kurudi la saa tisa kwa sababu kuna mgonjwa nyumbani. Sasa umeshajua kwamba kinachombana ni kurudi, wala si kuanza. Saa tisa yako, uliyokuwa umeitunza kifuani, usiitaje kabisa. Ungeitaja, ungekuwa unamwambia alale Mtwara amwache mgonjwa, bila wewe kujua.

Na wewe jikague vivyo hivyo, kwa ukweli. Umesema saa nne unainjika. Kwa hiyo chai na chapati zimeshakwisha, na wateja wa mchana hawajaja. Kumbe kati ya saa tatu na nusu na saa sita na nusu kinachokushika ni moto, si watu. Maharage yanaweza kuchemshwa Ijumaa usiku yakabaki kuungwa tu. Nyama inaweza kuiva alfajiri pamoja na chai, ukaamka saa moja mapema. Wali msaidizi anaweza kuuinjika saa tano ukimpimia mchele na maji kabisa, na ugali ni wa mwisho siku zote. Anayekusaidia kuosha vyombo mwongeze hela ya nusu siku. Hiyo ndiyo gharama yako, na ni vizuri uijue kwa shilingi, maana ndiyo unayoileta mezani.

Kinachokuua basi ni njia na mwisho wa kikao. Mikindani iko kama kilomita kumi tu kutoka mjini, lakini kwenda, kungoja gari, kurudi na kungoja tena, unaweza kupoteza saa nzima na zaidi. Halafu tunavijua vikao vyetu. Kinachoitwa saa nne huanza saa tano, kwa kuwa shangazi mmoja bado yuko njiani, na hakuna aliyesema kitaisha saa ngapi. Mtu anaposhindwa na saa ya kikao, mara nyingi ni mwisho usiojulikana ndio unaomtisha.

Sasa itazame njia ya mjomba. Anayetoka Tandahimba anaingia kupitia mjini. Mikindani iko mbele, upande wa kwenda Lindi. Kwa hiyo atashuka mjini, apande gari jingine kwenda Mikindani, kisha arudi tena mjini kulipata gari lake la saa tisa. Kikao kikiwa kwako mjini, yeye anapunguza safari mbili na wewe unapunguza mbili. Saa nne yake inaweza kubaki saa nne! Kinachosogea ni mahali, na ni bibi peke yake wa kufuatwa na bajaji, kwa nauli yako.

Hapo lakini uwe mwangalifu. Nyumba ya bibi ina heshima yake, na posa kujadiliwa kwake si jambo dogo. Yawezekana mjomba aliichagua kwa sababu hiyo tu. Kwa hiyo hili uliseme kama ombi lenye mlango wa pili, na mlango wa pili uwe ule ule wa Mikindani, wewe ukiomba mwisho ujulikane. Njia mbili zinatosha. Ukimpa tano unamgeuza mzee kuwa mtu wa kuchagua kwenye ratiba uliyoiandika wewe.

Ukimpigia, mazungumzo yaende kama hivi. Nimekuandikia ili usikie mdundo wake, usiyakariri:

"Shikamoo mjomba. Habari za huko, nyumbani hawajambo? Mjomba nimeupata ujumbe wako, unisamehe nimechelewa kujibu. Jambo la mdogo wangu ni letu sote, Jumamosi nakuja. Unafika Ijumaa au Jumamosi hiyo hiyo? Na kurudi je, unalala au unageuza?" Mwache ajibu. Tuseme amekujibu vile vya gari la saa tisa na mgonjwa. Basi endelea: "Mgonjwa mpe pole, mjomba. Nina ombi moja. Saa nne ninakuwa na masufuria motoni, na nikitoka mbali na kibanda wateja wa mchana wananikosa. Ningeomba tuangalie hivi: kwa kuwa unashukia mjini, tukutane kwangu saa nne hiyo hiyo, bibi nimfuate mimi na bajaji mapema, ule kabisa halafu gari lako la saa tisa usiwe na haraka nalo. Na kama unaona ni vizuri pawe kwa bibi, mimi nitakuwepo saa nne kamili, ila ningeomba tuanze kwa wakati, lile la posa liwe la kwanza, saa tano na nusu uniruhusu niondoke. Wewe unaonaje mjomba?"

Angalia yalivyokaa. "Nakuja" imetangulia ombi. Ukianza na ombi, mzee anasikiliza kila neno akingoja "siwezi" itokee wapi. Tena hakuna "sawa mjomba, lakini". "Lakini" ikifuata "sawa" huifuta, na sisi wote tukisikia "sawa, lakini" tunaiacha "sawa" ipite tunangoja kinachokuja. Nimeweka "nina ombi moja" mahali pake. Sababu nayo ni moja, na inaonekana kwa macho: masufuria motoni. "Kazi" haionekani, na "niko bize" ni ya kumwambia anayekuuzia laini ya simu. Sababu mbili bado zinavumilika, ila zikifika tatu mzee anaanza kuzihesabu.

"Ningeomba tuangalie" ni laini kuliko "naomba ubadilishe", kwa sababu ile *-nge-* inaliacha jambo wazi na ile *tu-* inawaweka nyinyi wawili upande mmoja. Mwishoni unamrudishia kauli: "Wewe unaonaje mjomba?" Ukishauliza hivyo, nyamaza. Usijaze kimya kwa maelezo mengine. Mzee anafikiri, na pengine anampungia mkono mtu aliyekaa pembeni yake apunguze redio.

Kitu kimoja kwenye maneno ya saa. Usimwambie "tusogeze mbele" wala "turudishe nyuma". Nimeona watu wawili wakiagana kusogeza mbele, mmoja akafika saa moja kabla na mwingine saa moja baada. Taja saa yenyewe. Na mkishaelewana ukimwandikia kukumbusha, andika "saa nne asubuhi" kwa maneno. Simu inaonyesha 10:00, na kwenye ukoo hapakosi mtu wa ofisini anayeandika "saa 10" akimaanisha saa nne, mwenzake akajitokeza jioni. Kwa watu wa huku unaweza pia kutumia swala, nayo inaeleweka na haina ubishi wa saa: "tumalize kabla ya Adhuhuri" inabeba uzito kuliko "tumalize saa sita", maana mwenye kuswali naye ana sababu yake ya kusimama.

Sasa atajibu nini? Akisema "Haya mwanangu, tutafanya hivyo, mwambie na shangazi yako", mmeelewana. Ameshaanza kukupa kazi. Akisema "Sawa" kavu, au "Utakavyo", usikate simu ukidhani umeshinda. Hiyo ndiyo "Sawa" ya mwaka jana. Muulize kitu kidogo cha utekelezaji: "Basi bibi nimfuate saa mbili au saa tatu?" Aliyekubali atakujibu saa. Aliyekwazika atasema "wewe tu". Akisema hivyo, rudi mwenyewe kwenye mlango wa pili bila kulalamika: "Basi mjomba nahisi kwa bibi pana uzito zaidi, tukutane huko huko saa nne, na saa tano na nusu utaniruhusu." Utapoteza nafuu ya njia, lakini mwisho wa kikao utakuwa umeupata, nao ndio uliokuwa unakuua zaidi.

Na upo wakati hakuna cha kujadili. Akikwambia "nimeshawaambia na upande wa mwanaume", basi saa hiyo si yake tena. Amewapa watu ahadi, na ukimwomba aibadilishe unamwomba ajishushe mbele ya wakwe watarajiwa. Hapo usiguse saa wala mahali. Omba ruhusa ya kuondoka tu, au funga kibanda siku hiyo, uwatangazie wateja wako tangu Alhamisi. Msiba nao usiufanyie hesabu hizi kabisa. Unafunika sufuria unakwenda.

Mazungumzo haya yawe kati yako na yeye. Usiyapeleke kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, hata kama ujumbe wake aliutuma huko. Mbele ya watu ishirini, mjomba akikubali ombi lako anaonekana kashindwa na mpwa wake, kwa hiyo hatakubali. Mkishaelewana, mwache atangaze yeye: "Kikao ni saa nne, nyumbani kwa fulani." Wewe kazi yako kundini ni kuandika "Inshallah tutakuwepo mjomba", tena uwe wa kwanza kuandika.

Lile la mwaka jana usilifungue kwenye simu ya leo. Ukianza na "mjomba najua ulikasirika", utajikuta unajitetea, na saa ya Jumamosi itapotelea humo. Lisubiri mpaka Jumamosi yenyewe, kikao kimekwisha, unamsindikiza stendi na mfuko wa samaki wa kukaanga wa kumpelekea mgonjwa. Hapo sema maneno mawili tu, gari likiwa linajaza abiria: "Mjomba, ile siku nilikujibu vibaya."

Mpigie leo baada ya Isha, vyombo vikishaoshwa. Kelele za kibandani asizisikie nyuma yako.